Naomba ushauri: msuguano wa pleura au michakariko?

Wakuu, wanafunzi wangu wa uuguzi hawasumbuliwi na kutambua mluzi wa pumu wakati wa kutoa pumzi, wala stridori, inayosikika zaidi shingoni mgonjwa akivuta hewa na kuashiria njia ya juu imebana. Hiyo ni dharura. Tatizo ni kutofautisha sauti hizi mbili kwa mgonjwa mwenye homa na kichomi ubavuni kulia. Michakariko ya makohozi husikika zaidi akivuta hewa, na mara nyingi hubadilika akikohoa. Msuguano wa pleura hukwaruza akivuta na akitoa, na kikohozi hakiuondoi. Lakini stetoskopu ikigusa nguo au nywele za kifua, huwadanganya wanafunzi. Tunaweka kwenye ngozi tupu, tunalowesha nywele, tunakandamiza vizuri. Mnaongeza hatua gani?