Ujazo wa pete ya mduara (x − 5)² + y² = 4: nitumie washa au maganda?

Kidato_Sita: Habari za jioni, ndugu zangu. Eneo lililo ndani ya mduara (x − 5)² + y² = 4 linazungushwa kwenye mhimili wa y, ambao uko nje yake, na swali linataka ujazo. Kwa maganda ya silinda nimefika 4π∫ x√(4 − (x − 5)²) dx, kuanzia 3 hadi 7, na hapo nimekwama. Je, nihamie kwenye washa?

Mkwaju: Hamia, mkuu. Ukiikata pete kwa mlalo penye kimo y, nusukipenyo cha nje ni 5 + √(4 − y²) na cha ndani ni 5 − √(4 − y²). Ukitoa, unabaki na 2√(4 − y²). Pandisha kipeo cha pili, zidisha kwa π, ukusanye kuanzia −2 hadi 2. Jibu ni 128π/3.

Bi_Pembetatu: Ndugu Mkwaju umekata vizuri, ila eneo la washa ni duara kubwa kutoa duara dogo, kwa hiyo kila nusukipenyo kinapandishwa kipeo cha pili kwanza, ndipo tunatoa. Tazama jibu lako: ile 5 imetoweka kabisa, maana yake pete iliyo mbali na mhimili ingelingana kwa ujazo na iliyo karibu, jambo lisilowezekana. Tofauti sahihi ni 20√(4 − y²). Integrali ya √(4 − y²) kuanzia −2 hadi 2 ni eneo la nusu duara, yaani 2π, hivyo ujazo ni 40π², takriban 394.8.

Hata hivyo, Kidato_Sita, mimi nisingeyaacha maganda. Weka u = x − 5, na x igeuke u + 5. Sehemu yenye u√(4 − u²) inajifuta, kwa kuwa upande hasi na upande chanya vinalingana. Inabaki 5√(4 − u²), ambayo ni 10π. Mara 4π, unapata 40π² ileile.

Tairi_Kuukuu: Mimi nina tyubu ya lori ninayotaka kuijaza maji. Nitumie hesabu hii?

Kidato_Sita: Ahsante sana, Bi. Je, ile sehemu ya u hujifuta kila mara?

Bi_Pembetatu: Hapana. Ukizungusha nusu ya nje peke yake, u inaanzia 0 hadi 2 na sehemu hiyo inatoa 8/3, kwa hiyo ujazo unakuwa 20π² + 32π/3. Nusu ya ndani inapungukiwa kiasi hichohicho. Ndugu Tairi_Kuukuu, hesabu inafaa ikiwa tyubu ukiikata inaonyesha duara kamili. Ikibonyea kwa uzito wa maji, umbo lake linabadilika, na hilo sijui kulipimia fomula.

Mkwaju: Nimeelewa kuhusu ile 5. Lakini mhimili ukipita ndani ya mduara, tuseme x = 4, maganda yataanzia wapi?