Tupeane uzoefu: mstari wa uzito kwenye kadi ya mtoto ulipolala, mligunduaje na mlifanya nini?

Mama Watatu (mwanzisha mada)
Naomba wazazi tupeane uzoefu kuhusu mchoro wa ukuaji, hasa pale mstari wa uzito unapolala. Binti yangu wa tatu alikuwa na kilo 7.2 alipotimiza miezi 6, kilo 7.3 mwezi wa 7, na mwezi wa 8 mizani ikasoma 7.3 ile ile. Kila mara niliambiwa kwamba yuko vizuri kwa sababu nukta yake ilikuwa bado kwenye kijani, nami nikarudi nyumbani nimeridhika. Nilishtuka siku nilipoziunganisha nukta hizo mwenyewe kwa rula, kwani mistari iliyochapwa ilikuwa ikipanda na wa kwake umelala.

Baba Mpole
Tusitiane hofu. Mwanangu amekuwa chini ya mstari wa katikati tangu azaliwe, leo ana miaka 2 na hakamatiki kwa mbio. Maadamu nukta iko kwenye kijani, mtoto hana neno.

Muuguzi Mstaafu
Ndugu Baba Mpole, kuhusu mwanao uko sahihi, kwa sababu yeye alikuwa mdogo lakini alipanda sambamba na mistari, na huyo ana njia yake. Kwa binti wa mwanzisha mada, rangi inaficha jambo. Kwenye mchoro wa Shirika la Afya Duniani, mstari wa katikati wa wasichana uko kilo 7.3 kwa miezi 6 na 7.9 kwa miezi 8. Alianza karibu kabisa na mstari huo, na baada ya miezi miwili tu yuko gramu 600 chini yake. Mpaka wa chini kwa umri huo uko karibu na kilo 6.3, kwa hiyo anayesubiri rangi ibadilike anasubiri mtoto aendelee kukaa bila kuongezeka uzito kwa miezi kadhaa huku kila mtu akimwambia yuko salama.

Mama Kifungua Mimba
Basi na mimi nimeingiwa na wasiwasi. Wangu wa kiume ana miezi 11 na siku hizi anaongeza gramu 200 hivi kwa mwezi, ilhali zamani alikuwa akiongeza karibu kilo nzima. Halafu hana jino hata moja.

Muuguzi Mstaafu
Meno tuyaache, dada, hayasomwi kwenye mchoro huu. Kuhusu uzito, tazama mistari iliyochapwa: nayo inalegea. Mstari wa katikati wa wavulana hupanda takriban kilo 3 katika miezi 3 ya mwanzo, lakini kutoka mwezi wa 9 hadi wa 12 hupanda gramu 700 tu, yaani kutoka 8.9 hadi 9.6. Usimlinganishe mtoto na kasi yake ya zamani; angalia kama nafasi kati ya nukta zake na mstari ulio jirani inabaki ile ile au inapanuka.

Baba Pacha
Sisi tulihangaika bure. Mwezi mmoja pacha mmoja alipimwa akiwa na sweta na nepi iliyolowa, mwezi uliofuata akapimwa mtupu kwenye mizani nyingine, na mstari ukalala. Tuliporudia siku chache baadaye kwenye mizani ile ya kwanza, bila nguo, alikuwa ameongezeka kama kawaida.

Mama Watatu
Nami nilirudia kupima, lakini jibu halikubadilika. Tulipokaa na mhudumu tukakumbuka kwamba aliharisha mara mbili ndani ya miezi hiyo, na kwamba chakula nilichomwanzishia kilikuwa chepesi mno, kikimjaza tumbo maji na kumpunguzia hamu ya kunyonya. Nilikifanya kizito kiasi cha kutomwagika kijiko kikiinamishwa, nikaongeza kijiko kidogo cha mafuta, nikampa mara tatu kwa siku bila kupunguza kunyonyesha. Mwezi wa 9 alifika kilo 7.7, na wa 10 kilo 8.0.

Muuguzi Mstaafu
Hapo mmeanzia pazuri. Kama chakula kingekuwa cha kutosha na mstari ukaendelea kulala, ningeomba apimwe mkojo na damu, kwa sababu maambukizi ya njia ya mkojo kwa mtoto wa umri huo huweza kujificha bila dalili nyingine. Na mtoto aliyelegea, anayekataa kunyonya au aliyevimba miguu yote miwili hupelekwa siku hiyo hiyo, hata kama mizani inaonyesha ameongezeka, maana uvimbe nao una uzito.

Baba Mpole
Nimekuelewa kuhusu rangi. Lakini mstari wa katikati kwa miezi 10 naona uko 8.5, na binti ana 8.0. Je, atarudi alikokuwa?

Muuguzi Mstaafu
Wapo wanaorudi, na wapo wanaotulia kwenye njia ya chini kidogo wakaendelea nayo vizuri. Kwa nukta mbili za kupanda siwezi kusema yeye ni yupi.

Mama Watatu
Tunapima tena wiki ijayo. Nitaandika hapa mizani itakachosoma.