Nataka kusitisha mkopo wa simu katikati, je simu ni yangu au ya kampuni?

Mama Kulwa wa Mbagala:
Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri hapa maana kichwa kimechoka. Nilichukua simu kwa hizi za kulipa kidogo kidogo, duka moja liko Kariakoo silitaji. Kesh ilikuwa 380,000 mimi nikatoa kianzio 80,000 halafu kila siku 1,500 kwa mwaka mzima. Nimeenda vizuri tu mpaka sasa nimelipa kama miezi mitano, siku 150 za malipo kwa mujibu wa meseji zao. Sasa biashara ya maandazi imeyumba na kaka yangu kanipa simu yake ya zamani inanitosha, so nataka hii nyingine niachane nayo. Hesabu yangu mimi naona nimeshalipa 305,000 kwenye simu ya 380,000 yaani imebaki 75,000 tu, ndo najiuliza hivi siwezi kuwarudishia wakanipa changu kidogo? Au nimuuzie jirani yangu yuko tayari kutoa 200,000 halafu yeye ataendelea na hizo buku na mia tano? Nilipoacha kulipa siku tatu simu imejifunga, inaonyesha tu namba ya kulipia. Kijana wa duka kanijibu "mama hiyo simu sio yako". Sio yangu vipi na risiti ninazo?

Dogo wa Tandika:
Mama usirudishe kitu hapo. Kuna sheria ukishalipa theluthi mbili hawana ruhusa ya kukunyang'anya mpaka waende mahakamani. 305 kwa 380 ni zaidi ya theluthi mbili. Wakikufuata wape hiyo.

Baba Naima:
Pole sana dada. Mimi yaliyonikuta ni ya sofa sio simu. Nilikuwa napeleka hela kwa fundi Keko kila wiki ili nikimaliza nichukue, katikati nikaghairi nikitaka hela yangu. Fundi akasema mbao ameshakata na kitambaa kanunua, akanirudishia nusu baada ya kelele nyingi. Kwa hiyo mimi nasema wakikupa hata kidogo chukua.

Fundi wa Aggrey:
Baba Naima yako ni kesi nyingine kabisa. Sofa lilikuwa bado kwa fundi, hujalikalia hata siku moja, ulikuwa unaweka akiba dukani. Huyu mama simu anayo mkononi anaitumia. Hayo mambo mawili yana hesabu tofauti.

Na mama hesabu yako ina shida hapo kwenye 380,000. Hiyo bei uliiacha siku ile uliyochagua kulipa kwa awamu. Bei ya mkataba wako ni 1,500 mara siku 365 ambayo ni 547,500, ongeza kianzio 80,000 inakuja 627,500. Umelipa 80,000 na 225,000 jumla 305,000. Bado 322,500. Maana yake hujafika hata nusu, nusu ni 313,750. Najua inauma, ila ukienda dukani na ile hesabu ya 75,000 watakucheka na hamtaelewana.

Kuhusu jirani, usifanye hivyo. Hizi simu IMEI yake wameisajili kwenye mfumo wao. Wewe flashi, futa kila kitu, ikishika tu intaneti inauliza kule kwao na inarudi kujifunga. Naletewa hapa kila wiki, wengine wamenunua mtaani kwa laki na nusu, nawaambia mimi siigusi. Hata akitokea fundi akaifungua kwa ujanja, deni liko palepale kwa jina lako na kitambulisho chako cha NIDA, na jirani ana simu ya mtu mwingine.

Dogo wa Tandika:
Sawa kwenye hesabu nimekubali, ila sheria ya theluthi mbili ipo jamani nimeisoma.

Wakili Njaa:
Dogo umeisoma kweli ila umesoma ya Kenya. Kule sheria yao, Sura ya 507, ndio inasema ukishalipa theluthi mbili mwenye mali hachukui kitu chake bila kufungua kesi. Sisi tuna ya kwetu, ya mwaka 1966, Sura ya 14, usichukue namba za nchi jirani ukazileta dukani Kariakoo. Na hata hiyo ya Kenya isingemsaidia huyu mama, kwanza theluthi mbili ya 627,500 ni zaidi ya 418,000 na yeye ana 305,000, pili yeye hanyang'anywi, yeye ndio anataka kuiacha.

Mama Kulwa, swali lako la "yangu au yao" jibu liko kwenye karatasi uliyosaini, sio kwenye risiti. Risiti inaonyesha umelipa, haionyeshi umiliki umehama lini. Angalia wamekuitaje mle ndani. Kama wewe ni mkodishwaji na wao ni wenye mali, na kuna sentensi kwamba umiliki unahamia kwako baada ya malipo ya mwisho, basi kijana wa duka kasema kweli hata kama kasema kwa jeuri. Simu ni yao, wewe unalipia kuitumia huku ukiwa na haki ya kuja kuimiliki. Hapo ukirudisha, kilichokwisha kulipwa kwa kawaida kinahesabiwa kama kodi ya ile miezi uliyotumia, na ndio maana kianzio hakirudi. Lakini na wao hawatakiwi kukudai zile 322,500 zote kana kwamba bado una simu, mkataba ukifungwa kwa kawaida kinachobaki ni malimbikizo ya mpaka siku unayokabidhi na uharibifu kama upo, isipokuwa mkataba umeweka kingine na hilo ndio ulisome kwa makini.

Ila kama umeitwa mkopaji na wao mkopeshaji, ni habari nyingine. Hapo walikukopesha hela ya kununua simu, simu inaweza kuwa yako tangu siku ya kwanza ila imewekwa dhamana. Mkopaji hawezi kurudisha bidhaa akasema tumemalizana. Wataiuza, wakipata pungufu ya deni watakudai kilichobaki. Na kampuni ya namna hiyo inatakiwa iwe na leseni ya Benki Kuu chini ya sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018, unaweza kuulizia.

Mama Kulwa wa Mbagala:
Asante wakili. Nimeutafuta mkataba ni Kiingereza kitupu, mwanangu wa kidato cha tatu kanisomea anasema wameandika mimi nakodi na mali ni yao mpaka nimalize, halafu kuna sehemu ya kusitisha inasema nirudishe kifaa "katika hali nzuri" na nilipe madeni yote ya nyuma. Haijasema kitu kuhusu kurudishiwa. Sasa nikiacha tu kulipa si wataelewa wenyewe kwamba nimesitisha? Kwani simu si imejifunga.

Fundi wa Aggrey:
Hapana mama, hapo ndo watu wengi wanapotelea. Kujifunga kwa simu sio kufungwa kwa mkataba. Wewe ukiiweka kabatini, mfumo unaendelea kuhesabu 1,500 kila siku, baada ya mwezi ni 45,000 ya simu ambayo hata hukuwasha. Iko siku wanampigia mdhamini wako. Rudisha wewe mwenyewe na utoke na karatasi.

Kabla ya kwenda lipa siku moja ili ifunguke, toa vitu vyako, picha na namba, kisha ondoa akaunti ya gugo kwenye mipangilio, usifute tu simu ukaiacha akaunti mle maana itaomba nenosiri lako na watasema umeharibu. Toa laini na memori kadi. Nenda na boksi na chaja. Piga *#06# mbele yao, namba inayotokea wailinganishe na ya mkataba ili kesho wasije kusema umerudisha nyingine.

Wakili Njaa:
Na hiyo karatasi iseme tarehe, IMEI, hali ya simu, na kwamba mkataba namba fulani umefungwa na hakuna deni, isainiwe na mtu wa duka na muhuri. Kijana akisema "mama wewe acha tu tutashughulikia", simu usiiache. Piga na picha ya skrini ikiwaka kabla hujaikabidhi.

Shangazi Tabata:
Mi naona mnamharakisha mwenzenu. Kwanza aulize akilipa yote leo kwa mkupuo ni bei gani. Wengine wanakata, mwenzangu aliambiwa apunguziwe alipobakiza kidogo. 322,500 kwa miezi saba sio sawa na kulipa leo.

Fundi wa Aggrey:
Shangazi uko sahihi kuuliza, ni bure. Lakini hata wakimpunguzia mpaka 270, simu hiyo ikiwa imetumika miezi mitano mimi hapa siinunui zaidi ya laki mbili ikiwa safi. Atalipa 270 apate kitu cha 200. Labda kama anaitaka yeye mwenyewe kwa matumizi.

Dogo wa Tandika:
Na yule jirani je? Si wanaweza kuhamisha mkataba kihalali?

Wakili Njaa:
Wanaweza kama kampuni inakubali. Waende wote wawili dukani, jirani asaini mkataba wake mwenyewe kwa NIDA yake na wa mama ufungwe. Hapo hata hiyo 200,000 wanaweza kuelewana kati yao. Bila saini ya kampuni ni kuuza kitu kisicho chako.

Mama Kulwa wa Mbagala:
Nimerudi wakuu. Nimeenda leo. Wamesema malimbikizo 9,000 nilipe kwanza, na kuhamisha kwa jirani hawafanyi. Kurudisha wanapokea ila kuna "gharama ya ukaguzi" 30,000. Nimewaonyesha mkataba, hiyo gharama haimo. Meneja hayupo mpaka Jumatatu. Simu sijaiacha.

Wakili Njaa:
Umefanya vizuri kutoiacha. Hizo 9,000 lipa, ni za siku sita na ni halali, chukua risiti. Hiyo 30,000 mwambie meneja akuonyeshe kifungu. Asipokuwa nacho andika barua fupi kwamba tarehe fulani ulileta simu kurudisha wakakataa bila gharama isiyo kwenye mkataba, mpe nakala aigonge muhuri wa kupokea. Barua hiyo ndiyo itakayokusaidia wakija kusema siku zimeendelea kuhesabiwa. Wakigoma kabisa malalamiko ya mlaji yanapokelewa Tume ya Ushindani.

Shangazi Tabata:
Barua kwa elfu thelathini jamani, nauli na usumbufu wote huo. Mimi ningeilipa nikalale.

Fundi wa Aggrey:
Shangazi kwa muuza maandazi 30,000 ni mtaji wa unga. Aandike.

Baba Naima:
Na mdhamini wake wamwambie? Mimi kwenye sofa sikuwa naye.

Wakili Njaa:
Ndiyo, mdhamini apewe nakala ya hiyo karatasi ya kufunga. Yeye ndiye atakayepigiwa simu kama mfumo haujasasishwa.