Ati "mkono mtupu haulambwi"! Yule mtu wa fomu za mikopo ya halmashauri leo kanivuruga

Mama Sare (mwanzisha uzi)

Wakuu, mikono inanitetemeka hapa, herufi zikikosewa mnivumilie. Yule mtu wa fomu mnamjua. Yule wa chini ya mwarobaini mkabala na ofisi ya kata, mwenye meza ya plastiki na laptopu iliyopasuka kioo, kalamu nne mfukoni, anajiona yeye ndiye Hazina Kuu. Kata nzima inamjua. Mbuzi wa pale wanamjua.

Leo tumekwenda watu watano, kikundi chetu cha kushona sare za shule. Tunatafuta ule mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, fungu la wanawake. Mwenyekiti wetu ni mama mtu mzima, ana wajukuu. Kavaa kitenge chake cha kanisani, kabeba katiba ya kikundi ndani ya bahasha ya kaki, akamkabidhi kwa mikono miwili. Kwa mikono miwili jamani! Yule mtu hakuifungua. Aliisukuma kwa ncha ya kalamu, kama anasukuma mende, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kijiwe cha bodaboda: "Mama, mkono mtupu haulambwi."

Bodaboda wote wakacheka. Mama wa watu akainama kuokota bahasha yake.

Bei zake ni hizi: fomu elfu 15, "kufungua faili" elfu 50, na hela ikitoka anakula asilimia 10 yake. Na anaapa kuwa hakuna kikundi kilichowahi kupita bila yeye. Hatukumpa hata mia, tumeondoka. Lakini bahasha ile kaisukuma kwa kalamu! Mtu aliyekabidhiwa kwa mikono miwili!

Hivi nchi hii hakuna mlango wa kuingilia kwenye hizi hela bila kumlipa mtu?

---

Dogo wa Kijiwe

Sasa dada, si mlikwenda mikono mitupu kweli? Jamaa kasema ukweli wake 😂😂

---

Mama Sare

Wewe ndiye mmoja wa waliocheka pale, nina hakika. Alipewa bahasha kwa mikono miwili. Nenda kamwambie hivyo mama yako mzazi uone.

---

Binti wa Kwaya

Huyo mtu mwacheni, huyo! Mwaka jana alichukua vitambulisho vya kikundi chetu "akatoe nakala", akarudi jioni ananukia bia, nakala hakuna. Tulipomdai akasema mfumo umelala. Mfumo wa nani? Wa tumbo lake?

---

Mchumi wa Mtaa

Msimpe hata shilingi. Hizo ni hela za kodi zetu, ni ruzuku, hazirudishwi. Na siku zote mkitaka kujua malipo halali angalieni kama kuna kontroo namba. Ikiwepo, lipeni bila wasiwasi.

---

Mzee wa Maendeleo Mstaafu

Mchumi, nusu umesema kweli na nusu utawaponza wenzio.

Hiyo si ruzuku, ni mkopo. Hauna riba, lakini unarudishwa wote, na marejesho ndiyo yanakopeshwa kikundi kinachofuata. Upo kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, kifungu cha 37A: halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Aprili 2023 ilisimamishwa nchi nzima baada ya hoja za CAG, ikafunguliwa tena 2024. Na sababu kubwa ya kusimamishwa ni watu wa aina ya huyo wa mwarobaini: vikundi hewa, na hela zilizotoka zisirudi.

Mama Sare, shikamoo yangu mfikishie huyo mwenyekiti. Sasa nisikilize. Mlango wenu ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, yuko ndani ya ofisi ileile, hatua chache kutoka kwenye mwarobaini. Kazi yake ambayo analipwa mshahara ni kuwaelekeza jinsi ya kusajili kikundi, kuwasaidia andiko la mradi na kuhakikisha maombi yanaingia kwenye mfumo wa TAMISEMI. Fomu haiuzwi.

Jambo moja tu nawaomba mlishike. Maombi yanapoingizwa, angalieni namba ya simu inayoandikwa ni ya nani. Madalali wanaandika yao. Taarifa za kikundi chenu zinaingia kwake, nyinyi mnakaa gizani, na yeye anakuja kuwauzia habari ambayo ni yenu. Wengine wanajipachika kama mwanachama wa tano, kisha wanaingia kwenye watia saini wa akaunti ya benki. Hapo hata mkopo ukitoka kwa haki kabisa, hamna mkopo.

---

Mama Sare

Mzee marahaba kwa niaba yake, na asante. Ndiyo maana! Alituuliza kwanza kabisa, "Namba ya kikundi mtatumia ipi, tuweke yangu iwe rahisi?" Kabla hata hajaisukuma ile bahasha. Tulipokataa ndipo akatoa ule msemo wake. Kwa hiyo hasira yake ilikuwa hiyo!

---

Fundi Hesabu

Mnataka kiasi gani?

---

Mama Sare

Milioni 6. Tuna vyerehani viwili vya miguu, tunataka vya umeme, ovaloki na kitambaa cha kuanzia msimu wa Januari.

---

Fundi Hesabu

Basi piga hesabu. Hela ikitoka milioni 6, yeye anachukua laki 6, na ile elfu 50 ya faili. Mkononi mnabaki na 5,350,000. Halmashauri inawadai milioni 6 kamili. Mkipangiwa miezi 12, ni laki 5 kila mwezi, laki moja kila mmoja wenu. Mkopo usio na riba umeshakuwa na riba ya asilimia 12, na riba yenyewe anakula mtu wa mwarobaini. Na cherehani kimoja au viwili vilivyo kwenye andiko havitanunuliwa. Siku wakija kukagua mradi mtaonyesha nini?

---

Binti wa Kwaya

Watamwonyesha yeye. "Huyu hapa ndiye ovaloki yetu."

---

Mchumi wa Mtaa

Na ile ya kontroo namba nimekosea wapi? Malipo yote ya serikali yanapita huko.

---

Mzee wa Maendeleo Mstaafu

Yanapita huko, ndiyo. Lakini tapeli naye anaweza kukuandikia tarakimu kwenye karatasi akaita kontroo namba, kumbe ni lipa namba ya duka la shemeji yake. Kabla hujaweka namba ya siri simu inakuonyesha jina la anayelipwa. Ukiona jina la mtu au la duka, ishia hapo. Na kontroo namba ya kweli haiwezi kuwa malipo ya "kuharakisha", kwa sababu huduma hiyo haipo.

---

Mjumbe Mstahiki

Kwetu kikundi kilisajiliwa kwa elfu 10 na risiti tukapewa. Huo nao wizi?

---

Binti wa Kwaya

Sisi tulisajili bure. Hatukutoa kitu.

---

Mjumbe Mstahiki

Ndiyo nauliza, mbona halmashauri mbili zina mambo mawili? Nina risiti hapa.

---

Mzee wa Maendeleo Mstaafu

Kamwulize mweka hazina wa halmashauri hiyo elfu 10 inatozwa kwa sheria ndogo ipi. Bila kuiona siwezi kusema.

Ila nisiwadanganye kitu kingine: kunyimwa si lazima uwe umehujumiwa. Chukua halmashauri yenye mapato ya ndani bilioni 2. Asilimia 10 ni milioni 200, fungu la wanawake milioni 80. Kila kikundi kikichukua milioni 8, ni vikundi kumi, wilaya nzima. Dalali anajua hilo. Anachukua elfu 50 kwa vikundi arobaini, vile vilivyobahatika anasema kavipitisha yeye, vilivyokosa anasema "hela yenu ilikuwa ndogo".

---

Mama Sare

Vikundi arobaini kwa elfu 50 ni milioni 2! Na bado bahasha ya mama wa watu anaisukuma kwa kalamu! Siyo kwa mkono, kwa kalamu!

---

Kijana wa Tatu Mzuka

Mimi sina kikundi na sitaki kikundi. Nataka hela ya peke yangu isiyorudishwa. Iko wapi?

---

Binti wa Kwaya

Kila mtu anaitaka hiyo.

---

Fundi Hesabu

Ipo, ila ushindani wake ni mkali. Taasisi ya Tony Elumelu ya Nigeria inapokea Waafrika wote. Wanaofaulu wanapata dola 5,000 zisizorudishwa. Maombi yanafunguliwa Januari mosi hadi Machi mosi, unajaza mwenyewe kwenye TEFConnect, hakuna ada. Ukikutana na "wakala wa Tony Elumelu Tanzania" kwenye Fesibuku anataka elfu 30 ya usajili, huyo ni ndugu wa mtu wa mwarobaini. Namba yake itume kwenda 15040, TCRA wanazipokea namba za matapeli.

Ukikosa, waulize NEEC, lile Baraza la Uwezeshaji, wao ndio wenye orodha ya mifuko ya serikali. Lakini mingi ni mikopo, usiende ukitarajia zawadi.

---

Mkenya Jirani

Poleni majirani. Huku kwetu kuna ruzuku ya NYOTA, elfu 50 za Kenya kwa vijana, ombi lilikuwa kwa *254# na halina malipo. Lakini sokoni kwetu palikuwa na jamaa na daftari, anatoza mia tano "kukuweka kwenye listi". Listi ya nani? Dadangu alilipa. Hadi leo akimwona anaambiwa awamu inayofuata.

---

Dogo wa Kijiwe

Kwa hiyo mwarobaini una tawi Kenya 😂

---

Mama Chapati

Nyinyi mnalia na mtu wa fomu, mimi nalia na kausha damu. Nilikopa laki 3, narudisha elfu 15 kila siku, na juzi wamebeba jiko la gesi na chapati juu yake! Chapati zilikuwa hazijageuzwa!

---

Binti wa Kwaya

Weee! Walibeba na chapati?

---

Mama Chapati

Na chapati. Mmoja akaanza kula njiani, nikimwona.

---

Mchumi wa Mtaa

Hao kisheria lazima wawe na leseni ya Benki Kuu. Waliokubebea jiko walikuonyesha karatasi gani?

---

Mama Chapati

Karatasi? Walikuja na bajaji.

---

Kijana wa Tatu Mzuka

Bora hao wa bajaji. Mimi nilikopa kwa aplikesheni ya simu, nikachelewa siku mbili, wakatuma picha yangu kwa watu wote niliowahifadhi, mpaka kwa mchungaji, wakaandika "huyu ni mwizi".

---

Mjumbe Mstahiki

Jamani, kuhusu risiti yangu ya elfu 10 hakuna anayenijibu?

---

Mama Sare

Jumatatu tunakwenda moja kwa moja kwa Afisa Maendeleo, wote watano, na bahasha tutaipitisha mbele ya meza yake ya plastiki. Akithubutu kusema tena neno kuhusu mikono, namba ya TAKUKURU ni 113 na ninayo kwenye simu.

---

Mama Chapati

Mama Sare, 113 hao wanarudisha na majiko?