Ushauri wakuu: modeli inavurugika nikiita eval(). Niachane na BatchNorm niweke LayerNorm?

Kijiti
Wakuu, heshima zenu. Nimekwama na siku za kukabidhi kazi zimekaribia. Nina transfoma ndogo inayosoma sentensi na kutaja aina ya kila neno: nomino, kitenzi, kiunganishi na kuendelea. Kila mahali ambapo watu huweka `LayerNorm`, mimi nimeweka `BatchNorm1d`. Mafunzo yanakwenda vizuri, hasara inashuka bila kuyumba. Nikiita `model.eval()` tu, majibu yanaharibika. Sentensi fupi zinaponea chupuchupu. Zile ndefu zinaanza sawa, halafu huko mbele kila neno linaitwa nomino. Swali langu ni moja: nihamie `LayerNorm`, au `BatchNorm` inatibika? Tafadhali msiniambie nianze upya.

Bibi Takwimu
Mwanangu, data uliisawazisha kabla ya kuiingiza? Toa wastani, gawa kwa mkengeuko sanifu. Nusu ya matatizo ya vijana yanaishia hapo.

Kijiti
Shikamoo bibi. Haya ni maneno, si vipimo. Hakuna safu ya kutolea wastani.

Bibi Takwimu
Marahaba. Hata hivyo, isawazishe.

Mzee wa Picha
Mimi natumia `BatchNorm` kwenye picha tangu ilipotoka 2015 na haijawahi kunitupa. Bechi ya 64, picha zote zina ukubwa mmoja, `eval()` naita bila wasiwasi. Kuna kipindi nilikuwa na modeli ya kutambua majani yenye ugonjwa, nikaondoa `BatchNorm` kwa ubishi wangu tu, mafunzo yakagoma kabisa. Niliporudisha, mambo yakanyooka. Usiitupe kwa sababu wengine wameitupa.

Kichwa Ngumu
Tatizo lako bechi ndogo, nakuhakikishia. Wastani wa sampuli chache unarukaruka. Halafu kuna jambo watu hawalisemi: `BatchNorm` kwenye mfuatano inavujisha neno la mbele. Wastani unachanganya nafasi zote, kwa hiyo neno la tatu linapata habari za neno la kumi. Ndiyo maana mafunzo yako yanaonekana matamu.

Mama Tensa
Kichwa Ngumu, hilo la kuvuja ni kweli kwa modeli inayotabiri neno linalofuata. Huyu anataja aina za maneno na modeli yake inaruhusiwa kusoma pande zote mbili, kwa hiyo kuona mbele si kosa.

Kijiti, nijibu mambo matatu. Bechi ina sentensi ngapi? Sentensi fupi unazijazaje? Na yale matokeo mazuri unayomwonyesha msimamizi wako, uliyapima modeli ikiwa katika hali gani?

Kijiti
Bechi ni 4, kumbukumbu ya mashine hairuhusu zaidi. Sentensi zote najaza padi hadi 128, na padi nazizidisha kwa sufuri kabla ya kila `BatchNorm` ili zisisumbue. La tatu sioni linahusiana vipi na swali langu.

Mama Tensa
Linahusiana kuliko hayo mawili.

Kijiti
Haya. Wakati wa kupima naiacha kwenye `train()`, nazima `Dropout` peke yake, kisha napitisha sentensi za majaribio nne nne. Hapo usahihi unakaa juu sana. Kabla hamjanirukia: uzito haubadiliki, kwa hiyo si kama naifunza kwa data ya majaribio. Na `BatchNorm` sikuichagua kwa kubahatisha. Kwenye matumizi inaweza kukunjwa ndani ya uzito wa leya jirani ikawa haina gharama, wakati `LayerNorm` lazima ipige hesabu kila neno. Sura nzima ya ripoti nimeshaiandika juu ya kasi hiyo.

Mchokozi
Kwa hiyo modeli yako ni kama mwanafunzi anayefaulu akikaa na wenzake watatu tu. Akiwekwa peke yake anaita kila kitu nomino 😂

Mama Tensa
Mchokozi amecheka lakini ndivyo ilivyo. Uzito haubadiliki, sawa, ila `running_mean` na `running_var` zinaendelea kusasishwa kwa data ya majaribio. Na jibu la sentensi moja linategemea zile tatu ilizopangwa nazo. Changanya mpangilio wa sentensi za majaribio, upime tena. Ukiona jibu la sentensi ileile limebadilika, hizo namba haziwezi kuingia kwenye ripoti.

Kalamu Kavu
Samahani wakuu, mimi naona hii ni chai. Transfoma inatoa tensa ya umbo (bechi, urefu, sifa). `BatchNorm1d` inataka sifa zikae katikati: (bechi, sifa, urefu). Ukiipa bila kugeuza, inagoma palepale kwa sababu hesabu ya sifa hailingani. Huyu hajataja kugeuza popote, eti inafunzika vizuri na hasara inashuka. Stori ya kutunga hii, mtu anataka tu kuchochea ubishi wa BN na LN. Weka msimbo hapa.

Mchokozi
Nimekaa pale nasubiri msimbo.

Kijiti
Kwa nini nitunge? Huu hapa:

```python
self.norm1 = nn.BatchNorm1d(128)

h = (h + self.attn(h)) * mask
h = self.norm1(h)    # (4, 128, 128)
```

Haijawahi kugoma hata siku moja.

Kalamu Kavu
Subiri. Sifa ni 128 na urefu nao ni 128?

Kijiti
Ndiyo. Kuna ubaya?

Kalamu Kavu
Basi nafuta neno chai. Namba zimegongana, ndiyo maana haikulalamika. Ungejaza hadi 100 ingekukatalia siku ya kwanza.

Mama Tensa
Hapo ndipo kiini kilipo. `BatchNorm1d` imechukua *nafasi* kana kwamba ni sifa. Wastani na varians inavyovihesabu si vya sifa ya saba au ya tisini, ni vya nafasi ya neno katika sentensi: nafasi ya 3 ina vyake, nafasi ya 120 ina vyake. Kila nafasi inapata namba 512 kwa bechi, yaani sentensi 4 mara sifa 128.

Sasa tuangalie nafasi ya 120. Tuseme katika kila sentensi 40 ni moja tu inayofika huko. Bechi tisa kati ya kumi zina padi tupu pale, na umezifanya sufuri, kwa hiyo varians ni 0. Bechi ya kumi ina sentensi moja ndefu na padi tatu. Kama namba za sentensi hiyo zina wastani 0 na varians 1, varians ya bechi inakuwa robo, yaani 0.25. Mkengeuko sanifu ni 0.5, kwa hiyo kwenye `train()` namba zake zinazidishwa mara 2. Leya zinazofuata zimejifunza kuishi na kipimo hicho.

Ukiita `eval()`, bechi haitazamwi tena, inatumika `running_var`, ambayo ni wastani wa bechi zilizopita. Tisa za 0 na moja ya 0.25 zinakupa kama 0.025. Mzizi wake ni karibu 0.16, kwa hiyo neno lilelile sasa linazidishwa zaidi ya mara 6. Leya ya juu haijawahi kuona namba kubwa hivyo. Nafasi za mwanzo kila sentensi inazo, hazina tofauti hiyo, ndiyo maana fupi zinapona. Thibitisha mwenyewe:

```python
print(model.layers[0].norm1.running_var[[0, 20, 60, 120]])
```

Kijiti
Nimeangalia. Inaanzia karibu na 1, inashuka kadiri ninavyokwenda mbele, kwenye 120 ipo chini ya 0.03. Na nilipochanganya mpangilio wa majaribio, majibu ya sentensi ndefu yamebadilika kweli.

Kichwa Ngumu
Nilisema bechi ndogo! Weka 64 uone.

Mama Tensa
Umepata nusu. Kwa bechi ya 64 bechi nyingi zingekuwa na sentensi ndefu moja au zaidi, na pengo la `train()` na `eval()` lingepungua sana. Lakini ikiwepo moja, namba zake zinazidishwa mara 8. Zikiwepo mbili, mara 5.7. Neno halijabadilika hata herufi, majirani ndio wamebadilika. Kwa picha za Mzee hilo halimsumbui, kwa sababu kila picha inajaza nafasi zake zote.

`LayerNorm`, iliyotoka 2016, inachukua zile namba 128 za neno moja, inatafuta wastani na varians yake hapo hapo, basi. Haijui bechi ina wangapi, haijui padi, na hesabu ni ileile kwenye mafunzo na kwenye matumizi. Transfoma ya 2017 iliichukua hivyo.

Mzee wa Picha
Lakini akigeuza umbo vizuri, sifa zikakaa katikati, si inatosha?

Mama Tensa
Haitoshi, padi bado zinaingia kwenye wastani. Chukua sifa moja ambayo kwa maneno halisi ina wastani 3 na mkengeuko 1. Bechi isiyo na padi inaifanya 3 kuwa 0. Bechi ambayo nusu ni padi ina wastani 1.5 na mkengeuko kama 1.66, 3 ileile inakuwa 0.9. Angalau atoe padi kwanza:

```python
out = torch.zeros_like(h)
out[mask] = bn(h[mask])
```

Hapa `mask` iwe ya kweli/si kweli, umbo (bechi, urefu).

Kijiti
Basi nitatumia hiyo. Sura yangu ya kasi inabaki.

Mama Tensa
Sura yako ina tatizo lingine. Kukunja kunakwenda vizuri `BatchNorm` ikifuata leya ya mstari moja kwa moja. Yako inafuata jumlisho la `h + self.attn(h)`. Hakuna leya moja nyuma yake ya kuibeba, na mbele matokeo yake yanakwenda njia mbili, kwenye leya inayofuata na kwenye jumlisho lijalo. Utakunja wapi?

Kijiti
Nitatafuta namna.

Kalamu Kavu
Mama, usimfungie mlango wote. Kwenye mfululizo wa vipimo vya vifaa kuna kazi ya 2021 ya transfoma waliotumia `BatchNorm`, ikawapa matokeo mazuri kuliko `LayerNorm`.

Mama Tensa
Ipo, sibishi. Vipimo vina thamani za kuruka ghafla, na urefu wake hautofautiani kama wa sentensi. Kwa maandishi, hata padi zikitolewa, wastani wa bechi huyumba sana toka bechi moja hadi nyingine. Kama ni padi peke yake au ni maneno adimu yanayokuja kwa makundi, hapo sina jibu moja la kumpa.

Bibi Takwimu
Ndiyo maana nilisema data isawazishwe.

Kijiti
Wakuu, nimejaribu `LayerNorm` pembeni, kwa kulinganisha tu. `train()` na `eval()` zinakubaliana sasa, mpangilio hauna athari. Ila mwanzoni hasara imeruka juu na ikachelewa kushuka. Hii BN ya `mask` ilishuka mara moja. Kwa hiyo bado sijashawishika.

Mama Tensa
Kasi ya kujifunza uliianza juu moja kwa moja, au uliipandisha polepole? Na `LayerNorm` umeiweka baada ya jumlisho, pale pale ilipokuwa BN?

Kijiti
Baada ya jumlisho. Kasi sikuigusa, ni ileile ya BN.

Mama Tensa
Ipandishe polepole hatua za mwanzo, au ihamishe `LayerNorm` iwe kabla ya `attn`. Kisha weka grafu zote tatu hapa, zikiwa zimepimwa kwa `eval()`.