Oili ya haidroliki: filta ya pembeni, briza ya silika au rejeta kubwa, kipi kitangulie?

Bloku_Tanga
Wakuu, habari za kazi. Naomba mnisaidie kupanga fedha. Ni mashine ya kufyatulia bloku hapa Tanga: tangi lita 300, pampu ya pistoni inayojirekebisha, lita 60 kwa dakika, mota kilowati 22, presha ya kazi baa 180, oili ISO VG 46. Filta ni moja tu, ya mikroni 25 kwenye njia ya marejeo. Briza ya tangi ni kile kikofia cha kawaida chenye wavu ndani. Rejeta ya feni ipo.

Kila siku kuanzia saa nane mchana geji ya tangi inasoma nyuzi 78, spuli za valvu zinanata, na pampu imechoka kabla ya mwaka kuisha. Maabara imetoa 22/20/17 kwa kipimo cha ISO 4406, maji 350 ppm. Fedha inatosha vitu viwili kati ya hivi: mzunguko wa pembeni wenye pampu na filta zake, briza ya silika jeli, rejeta kubwa zaidi, au filta ya marejeo ya mikroni 10. Nyie mngeanza na nini?

Fundi_Presha
Hapo hakuna la kukuumiza kichwa. Funga filta ya mikroni 10 kwenye njia ya kuvutia, uchafu ukamatwe kabla haujaingia kwenye pampu. Halafu mwaga oili kila saa 500. Oili mpya ndiyo dawa.

Spuli_Safi
Fundi, nia ni nzuri ila mahali si penyewe. Pampu ya pistoni haina nguvu ya kunyonya kupita filta ya mikroni 10, hasa alfajiri oili ikiwa nzito. Itakosa oili, mapovu ya mvuke yatapasukia ndani, utasikia mlio kama kokoto zinazunguka kwenye debe, na sahani ya pampu itachimbika hata kama oili ni safi kabisa. Upande wa kuvutia unatosha wavu wa mikroni 125 au zaidi, kazi yake ni kuzuia tambara na boliti.

Kumwaga oili kila saa 500 nako hakutibu. Oili ya kwenye pipa jipya mara nyingi ni chafu kuliko pampu ya pistoni inavyohitaji. Ukiimimina kwa ndoo kupitia mdomo wa tangi kwenye kiwanda cha saruji, umebadilisha uchafu wa zamani kwa mpya.

Bloku_Tanga, turudi kwenye karatasi ya maabara. Kwa pampu yako kwa baa 180 lengo zuri ni 18/16/13. Wewe una 22/20/17. Kila namba ikipanda moja, chembe zinakaribia kuongezeka maradufu, kwa hiyo tofauti ya hatua nne ni kama mara 16. Kabla ya kununua chochote nijibu mawili: vipimo vya silinda zako, na joto la bomba la valvu ya kuachia presha, pale linaporudi tangini. Lipime kwa bunduki ya joto saa ile ile ya mchana, na upime na bomba kuu la marejeo.

Bloku_Tanga
Silinda kubwa ni mbili, fimbo milimita 70, mwendo milimita 500, mizunguko mitatu kwa dakika. Bomba la valvu ya kuachia presha nyuzi 88. Bomba kuu la marejeo nyuzi 76.

Jembe_Mbeya
Samahani wakuu, nami nina swali hilo hilo. Massey 375 yangu oili ya haidroliki imekuwa nyeupe kama maziwa. Nifunge briza ya silika?

Spuli_Safi
Jembe, kwenye trekta hiyo haidroliki na gia zinakaa ndani ya oili moja, hesabu yake ni tofauti na ya tangi hili. Weupe huo ni maji. Kagua mpira wa chini ya mkono wa gia, kofia ya kujazia oili na sili, hasa kama trekta linaoshwa kwa pampu ya presha. Ziba kwanza, kisha mwaga, safisha wavu wa ndani na ujaze oili ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha trekta. Fungua uzi wako tuendelee huko.

Bloku_Tanga, nianze na pumzi ya tangi. Silinda ikitoka, tangi linapungukiwa oili kiasi cha ujazo wa fimbo, na hewa inaingia kujaza nafasi hiyo. Fimbo ya milimita 70 kwa mwendo wa 500 ni lita 1.9. Silinda mbili ni lita 3.8, mara tatu kwa dakika ni zaidi ya lita 11. Kwa zamu ya saa nane tangi lako linavuta karibu lita 5,500 za hewa yenye vumbi la saruji, kupitia wavu ambao saruji inapita bila kugusa. Hapo ndipo 22/20/17 inapotoka. Filta ya marejeo hata uifanye nzuri vipi, inakimbizana na kitu kinachoingia kila sekunde.

Kwa hiyo briza ni kitu cha kwanza, na si ghali. Iwe na kichujio cha mikroni 3. Ila itakuwa bure kama hewa ina njia nyingine. Kagua gasketi ya mfuniko wa tangi, matundu ya boliti zilizopotea, tundu la waya wa geji, na sili ya pale mabomba yanapopenya mfuniko. Hewa hufuata njia nyepesi, na briza nzuri ina ukinzani mkubwa kuliko tundu lililo wazi.

Sasa joto. Bomba la valvu ya kuachia presha halipaswi kuwa moto kuliko marejeo. Nyuzi 88 maana yake oili inapita pale wakati wote. Lita 20 tu kwa dakika zikishuka kutoka baa 180 hadi sifuri ni kilowati 6 za joto, kwa sababu baa mara lita kwa dakika gawanya kwa 600 ndiyo kilowati. Usinunue rejeta kubwa ili kupoza kosa la marekebisho.

Mvita_Haidroliki
Boss, nakubaliana na briza ya mikroni 3, lakini hiyo ya silika hapa pwani ni mzigo. Mombasa au Tanga unyevu ni mwingi mwaka mzima, silika inageuka rangi upesi na kila mara unanunua nyingine. Mimi ningeweka briza ya kawaida ya kufungia kwa kuzungusha, mikroni 3, halafu nifungue koki ya chini ya tangi kila alfajiri kabla ya kuwasha. Oili ya moto inabeba maji yakiwa yameyeyuka, ikipoa usiku inayaachia, yanazama chini. Ukifungua asubuhi unayatoa bure.

Spuli_Safi
Hilo la alfajiri ni sahihi, na lifanyike hata akinunua silika. Lakini koki inatoa maji yaliyojitenga tu, yaliyobaki ndani ya oili yanaendelea kula viungio vya oili na kutia kutu. Kwa tangi linalovuta lita 11 kwa dakika ningechagua silika yenye valvu ndogo za njia moja, ili isinyonye unyevu mashine ikilala. Gharama unayoisema ni ya kweli, sikatai.

Mvita_Haidroliki
Kwangu 350 ppm si ya hewa pekee. Bloku, mnaosha mixa kwa mpira wa maji karibu na tangi?

Bloku_Tanga
Ndiyo, kila jioni, na maji yanafika juu ya mfuniko. Gasketi ya mfuniko nimeikuta imekatika upande mmoja. Nitaanza na hiyo.

Kwenye presha: nimesimamisha silinda mwisho wa mwendo, geji inasoma 175 na mota inavuta ampea nyingi bila kushuka.

Spuli_Safi
Basi jibu ndilo hilo. Valvu ya kuachia inafunguka kwa 175 kabla kirekebishi cha pampu hakijafika 180, hivyo pampu haipunguzi mtiririko kamwe. Fanya hivi, silinda ikiwa imesimama mwishoni na mtu yuko kwenye kitufe cha kuzimia. Hakikisha kwanza kibao cha mashine kinaruhusu baa 200. Pandisha kirekebishi cha pampu mzunguko mmoja hivi, kisha pandisha valvu ya kuachia robo mzunguko kwa robo mzunguko hadi geji isome 200, funga nati yake. Halafu shusha kirekebishi hadi geji irudi 180, funga nati. Tofauti ya baa 20 inatosha. Ampea zitashuka papo hapo silinda ikisimama.

Baada ya hapo pima uvujaji wa ndani wa pampu: paipu ya mwilini irudie kwenye ndoo kwa dakika moja ikiwa kwenye presha. Pampu ya lita 60 ikiwa nzima hutoa kama lita moja hadi tatu. Ikitoa sita, imechoka, na hizo lita sita peke yake ni karibu kilowati 2 za joto. Paipu hiyo usiiwekee filta nzito, presha ikipanda mwilini sili ya shafti inatoka.

Fundi_Presha
Sawa, kwenye njia ya kuvutia nimeelewa. Ila rejeta bado ikaguliwe. Saruji yenye mafuta inaziba mapezi kabisa. Ipulizwe kwa hewa kinyume na upepo wa feni, si kwa mashine ya kuoshea magari, mapezi yanalala. Na aangalie feni inazunguka upande gani. Fundi umeme akibadilisha fezi, feni inageuka na bado unahisi upepo, ila hafifu.

Spuli_Safi
Hapo umenena, hilo la fezi ni la kukagua kweli.

Batinah_Mitambo
Huku Oman hewa ya mchana wa Julai inapita nyuzi 45. Rejeta ya feni haiwezi kushusha oili chini ya joto la hewa, na usitegemee tofauti chini ya nyuzi 15 au 20. Tunatumia VG 68, kwa sababu VG 46 kwenye nyuzi 80 inabaki na mnato wa kama sentistoki 12 na pampu nyingi za pistoni zinataka angalau 10. Kwa Tanga sina hakika inafaa, asubuhi itakuwa nzito.

Bloku_Tanga
Nimefanya. Valvu 200, kirekebishi 180, feni ilikuwa kweli inazunguka kinyume. Saa nane leo tangi nyuzi 61. Uvujaji wa pampu lita 4. Rejeta kubwa naiondoa kwenye orodha. Sasa mzunguko wa pembeni au filta ya marejeo mikroni 10?

Spuli_Safi
Mzunguko wa pembeni. Filta ya marejeo inapigwa na mawimbi ya mtiririko kila silinda inaporudi, na oili ikiwa nzito valvu yake ya baipasi inafunguka na uchafu unapita wima. Ya pembeni inapata mtiririko mtulivu, inafanya kazi hata mashine ikiwa imezimwa. Chukua pampu ndogo ya gia ya lita 15 kwa dakika na filta yenye beta 1000 kwa mikroni 5 au 10, yaani katika chembe elfu za ukubwa huo inapita moja. Vuta chini upande mmoja wa tangi, rudisha upande wa pili, chini ya usawa wa oili isitoe povu. Tangi zima linapita kila dakika 20, na ukihesabu mapito saba kwa sababu oili inachanganyika, ni saa mbili na dakika 20. Oili mpya nayo iingie kupitia filta hiyo.

Weka geji kwenye nyumba ya filta. Sindano ikipanda haraka wiki za kwanza ni kawaida, tangi linatapika ya zamani. Isipopanda kabisa kwa miezi, shuku elementi imepasuka au haijakaa vizuri.

Mvita_Haidroliki
Na ya marejeo ya mikroni 25 aiache?

Spuli_Safi
Aiache, ila aibadilishe geji ikisema, siyo kwa kalenda ya saa 1,000. Sampuli ya pili ichukuliwe kwenye koki ya bomba la marejeo mashine ikifanya kazi, oili ikiwa moto, baada ya kumwaga nusu lita ya kwanza. Ile ya kuchota juu ya tangi inadanganya.

Bloku_Tanga
Sampuli naituma mwisho wa mwezi. Kuhusu silika au briza ya kawaida, bado naona wawili hamjakubaliana.

Mvita_Haidroliki
Hatujakubaliana. Ziba mfuniko, acheni kumwagia tangi maji, weka ya kawaida ya mikroni 3, halafu soma ppm. Ikibaki juu ya 200, nunua silika.