Naomba ushauri: viungo vifupi kwenye SMS za kukumbusha marejesho

Ndugu zangu, habari za kazi.

Chama chetu cha akiba na mikopo hutuma SMS za kukumbusha marejesho siku 3 kabla ya tarehe, kila moja ikiwa na kiungo cha taarifa ya mkopo wa mwanachama. Kiungo kamili kilikuwa kirefu mno, hivyo ujumbe ulivuka herufi 160 na kutozwa kama SMS 2. Tulipojaribu huduma ya bure ya kufupisha viungo, baadhi ya ujumbe haukufika, na mama mmoja alikuja ofisini na simu mkononi akiuliza kama ni matapeli, kwa sababu kiungo hakikuwa na jina letu.

Sasa nafupisha kwa kikoa chetu wenyewe, kila mwanachama akiwa na msimbo wake, na seva hujibu `302` badala ya `301` ili kivinjari kisihifadhi njia na kutuficha mibofyo ya baadaye. Ujumbe unafika vizuri.

Kinachonitatiza ni hesabu. Kati ya SMS 212 za jana, viungo 61 vilifunguliwa ndani ya sekunde 5, vingi kwa ombi la `HEAD`, jambo ambalo mtu hafanyi kwa kidole. Nashuku ni programu zinazokagua viungo.

Je, nikiyaacha maombi ya `HEAD` na yale ya sekunde za mwanzo, nitabaki na hesabu ya kuaminika? Na msimbo wa herufi 4 unatosha, au mtu anaweza kuubahatisha akaona mkopo wa mwenzake?